Laki ya video fupi si laki ya video ndefu

Jumatatu ya Machi 31, 2025, wakati wengi wetu tukiwa kwenye pilau la Idd el-Fitri, YouTube ilibadilisha namna inavyohesabu video zake fupi, zile zinazoitwa Shorts. Kabla ya siku hiyo, video fupi ilihesabiwa kuwa imetazamwa pale mtu alipobaki nayo kwa sekunde kadhaa, na kampuni haikutangaza ni sekunde ngapi hasa. Tangu siku hiyo, video ikianza tu kucheza, hesabu inapanda kwa moja. Mtu akiipisha kwa kidole kabla hajajua hata inahusu nini, imehesabiwa. Akiiacha ikamalizika na ikajirudia yenyewe, inahesabiwa tena.

Wenye chaneli wengi waliona namba zao zikipanda bila kuongeza kazi yoyote. Wapo waliofurahi, wapo waliodhani ni hitilafu, na wapo waliokimbilia kwa wafanyabiashara wanaowapa matangazo ili kupandisha bei. Video ndefu hazikuguswa. Ndiyo maana leo, kwenye chaneli hiyohiyo, chini ya neno lilelile na kwa mwandiko uleule, zinakaa namba mbili zinazopima mambo mawili tofauti.

Hesabu ya zamani haikufutwa. Ilipewa jina jipya, Engaged views, ikahamishiwa ndani. Mwenye chaneli akifungua YouTube Studio, akaingia Analytics kisha Advanced mode, ataikuta humo. Mtazamaji wa kawaida haioni. Anachokiona ni ile namba kubwa ya mbele. Katika makala haya namba ya mbele nitaiita hesabu ya kuanza, na ile ya ndani nitaiita hesabu ya waliotulia.

Ili kuelewa kwa nini mambo yamefika hapa, tuangalie kidole cha mtazamaji kinafanya nini. Kwenye video ndefu, mtu anaona kava na kichwa cha habari. Video bado haijacheza. Anasoma, anaangalia sura iliyopo kwenye kava, anapima kama ana muda na kama bando linatosha, ndipo anabonyeza. Uamuzi wake unatangulia video. Kwenye video fupi hakuna kava la kubonyeza. Anatelezesha kidole juu, na video inayofuata inaanza kucheza yenyewe, kwa sauti, skrini nzima. Uamuzi unakuja baadaye, tena kwa vitendo: ama kidole kinatulia, ama kinatelezesha tena. Abiria anayesikia redio ya daladala hajachagua kituo, na huwezi kumweka katika daftari moja na aliyekata tiketi kwenda kusikiliza taarabu.

Kwa hiyo kila mtandao wenye mkondo wa video fupi ulilazimika kuchagua pa kuanzia kuhesabu, na TikTok ilichagua mwanzo kabisa: video ikianza kucheza, imehesabiwa. Mwaka 2024 Instagram nayo ilianza kuufanya utazamaji kuwa kipimo chake kikuu kwa aina zote za maudhui, na kwenye video zake fupi kinachohesabiwa ni kuanza na kurudia kucheza. YouTube ikabaki peke yake na kizingiti cha sekunde kadhaa. Mtu aliyepandisha video ileile kwenye mitandao yote mitatu aliona YouTube inampa namba ndogo kuliko wenzake, hata kama waliotulia walikuwa wengi sawasawa. YouTube ilipobadilisha, sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo: watengeneza maudhui walitaka kujua video zao zinafanyaje kote zinakowekwa. Ni sababu ya kweli. Ila ilitibu ulinganisho kati ya mtandao na mtandao, ikaharibu ulinganisho ndani ya chaneli moja, na huo wa pili ndio unaowaumiza watu wengi zaidi.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa kabla ya kuendelea. Karibu kila anayefundisha mambo ya YouTube atakwambia kwamba video ndefu huhesabiwa baada ya sekunde 30. Sekunde 30 zina chimbuko lake kwenye matangazo. Lile tangazo linaloweza kurukwa, ambalo mwenye biashara analilipia, huhesabiwa kuwa limetazamwa mtu akifika sekunde ya 30, au akimaliza kama ni fupi kuliko hapo, au akilibonyeza. Kwa video za kawaida, YouTube husema tu kwamba utazamaji unapaswa kuwa wa binadamu aliyekusudia kutazama, na haitangazi sekunde ngapi kwa sababu ikitangaza, wauza watazamaji bandia watajua pa kulenga. Wenye kumbukumbu ndefu wanakumbuka kaunta iliyokuwa ikiganda kwenye 301, video mpya ikisubiri kuhakikiwa kama watazamaji wake ni watu. Mtindo huo uliondolewa Agosti 2015, lakini uhakiki wenyewe uliendelea, na ndiyo maana hadi leo namba ya video ndefu inaweza kupanda asubuhi na kupunguzwa jioni.

Sasa tufike kwenye ulinganisho wenyewe. Kosa la kawaida ni kuchukua namba ya mbele ya video fupi na kuiweka sambamba na namba ya mbele ya video ndefu. Hizo namba zimetoka kwenye hatua mbili tofauti za safari ya mtazamaji. Hesabu ya kuanza kwenye video fupi inafanana zaidi na idadi ya mara ambazo kava la video ndefu lilipita mbele ya macho ya watu, ambayo Studio inaiita Impressions. Zote mbili zinasema jambo moja: kitu chako kiliwekwa mbele ya mtu. Na hesabu ya waliotulia ndiyo inayofanana na namba ya mbele ya video ndefu, kwa kuwa zote mbili zinamhesabu mtu baada ya kuamua. Hazilingani kwa usahihi wa mizani ya dhahabu, maana aliyetulia sekunde chache hajafanya uamuzi mzito kama aliyebonyeza kava la video ya dakika kumi na mbili, lakini angalau ziko upande mmoja wa mlango.

Tuchukue mfano. Namba ni zangu nilizotunga, lakini zimekaa kama zinavyokaa kwenye chaneli za kawaida. Mama mmoja wa Tanga ana chaneli ya mapishi. Alirekodi mkate wa kumimina kuanzia kuloweka mchele hadi kuupakua, video ya dakika 12. Kisha akakata kipande cha sekunde 35, pale anapoondoa mfuniko wenye makaa juu yake, anapitisha kisu pembeni mwa sufuria na kuupindua mkate kwenye sinia, ukitoka mzima, wa rangi ya dhahabu, na hiliki zikionekana. Kipande hicho akakipandisha kama video fupi.

Baada ya mwezi, video ndefu imetazamwa mara 4,200. Video fupi imetazamwa mara 180,000. Kwa macho ya kawaida, fupi imeishinda ndefu karibu mara 43, na shoga zake wanamshauri aachane na kurekodi dakika 12 za jasho la jikoni.

Afungue Studio. Kava la video ndefu lilionyeshwa mara 70,000 na waliobonyeza ni asilimia 6, ndizo hizo mara 4,200. (Nimerahisisha, kwa kweli wengine wangetoka kwenye linki aliyoituma WhatsApp, na hao hawaingii kwenye hesabu ya kava.) Asilimia 6 si mbaya. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Kwenye video fupi, kati ya mara 180,000 ilizoanza, waliotulia ni mara 96,000. Tukilinganisha hatua na hatua, kuwekwa mbele ya watu ni 180,000 kwa 70,000, na kuamua kutazama ni 96,000 kwa 4,200. Ile tofauti ya mara 43 imekuwa mara 23 hivi. Bado ni kubwa, na si haki kuidharau.

Hatua inayofuata ni muda, na hapa sura inabadilika kabisa. Video ndefu kila aliyeitazama alikaa nayo kwa wastani wa dakika nne na nusu. Zidisha kwa 4,200, unapata dakika 18,900, yaani saa 315. Video fupi, Studio inaonyesha jumla ya saa 560 za kutazamwa. Mara 43 zimeshuka hadi chini ya mara mbili. Kwa kila saa moja watu waliyokaa na mama huyu kupitia video ndefu, walikaa naye saa moja na dakika arobaini na kitu kupitia video fupi.

Ninapendekeza muda uchukuliwe moja kwa moja kama jumla ya saa, usijengwe upya kutoka kwenye wastani, na nina sababu. Saa 560 ni sekunde 2,016,000. Ukizigawa kwa waliotulia, 96,000, wastani unakuwa sekunde 21 kati ya 35, na mama anapongezwa. Ukizigawa kwa hesabu ya kuanza, 180,000, wastani ni sekunde 11 na kidogo, na mama anaambiwa watu hawapendi video zake. Watu ni walewale na saa ni zilezile, kilichobadilika ni kigawanyo tu. Mtu akikupa wastani wa muda wa video fupi bila kusema amegawa kwa nini, hajakwambia chochote.

Kigawanyo kimewahi kuigharimu kampuni kubwa fedha nyingi. Septemba 2016, Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwaonyesha watangazaji wastani wa muda wa kutazama uliozidi ukweli. Ilichukua jumla ya muda wote wa kutazama, ikaugawa kwa mara zile tu ambazo mtu alivuka sekunde tatu. Waliokimbia kabla ya sekunde tatu waliachwa nje ya kigawanyo. Wakala mkubwa wa matangazo, Publicis, aliwaandikia wateja wake kwamba wastani ulikuwa umevimba kwa asilimia 60 hadi 80. Watangazaji walikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 2019 Facebook ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi hiyo.

Turudi Tanga. Mama yetu anataka kuingia kwenye mpango wa YouTube wa kugawana mapato ya matangazo. Masharti ni watu 1,000 waliojisajili kwenye chaneli, kisha achague njia moja kati ya mbili: saa 4,000 za kutazamwa kwa video ndefu ndani ya miezi 12, au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Milioni 10 hizo zinahesabiwa kwa waliotulia. Hesabu ya kuanza haina kazi hapa, na YouTube ililisema hilo siku ileile ilipobadilisha kaunta: masharti ya kujiunga na malipo vingebaki kwenye hesabu ya zamani. Saa zinazotazamwa ndani ya mkondo wa Shorts nazo haziingii kwenye zile 4,000.

Kwa hiyo saa zake 560 za video fupi, pamoja na wingi wake, hazimsogezi hata hatua moja kwenye njia ya saa. Waliotulia 96,000 ni chini ya asilimia moja ya milioni 10. Saa 315 za video ndefu ni karibu asilimia 8 ya 4,000. Ile video iliyoonekana kushindwa mara 43 ndiyo iliyomsogeza mbele mara nane zaidi. Na zaidi ya hapo kuna tarehe ya kuisha: saa za video ndefu zinabaki kwenye hesabu yake mwaka mzima, ilhali waliotulia wanaanza kudondoka mmoja mmoja siku ya 91.

Mtu akitaka kiwango cha kubadilisha, kama vile duka la fedha linavyobandika shilingi kwa dola, anaweza kukitengeneza kwa chaneli yake mwenyewe. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wastani wa mama huyu ni dakika nne na nusu, kwa hiyo anahitaji video zake ndefu zitazamwe kama mara 53,300. Njia ya pili inataka milioni 10. Gawanya, unapata takriban 188. Kwake yeye, mtu mmoja anayetazama video ndefu ana uzito wa watu 188 waliotulia kwenye video fupi, kwa lengo hili moja la kujiunga. Chaneli ambayo watu wanakaa dakika mbili tu ingepata kiwango kingine, kama 83. Kiwango hiki hakisafiri kutoka chaneli moja hadi nyingine, na wale wanaouza kozi wakitaja kiwango kimoja kwa wote wanauza hewa.

Akishajiunga, pesa nazo zinatembea kwa njia mbili. Kwenye video ndefu, tangazo linakaa kwenye video yake mahususi, na anapata asilimia 55 ya mapato halisi ya matangazo hayo. Kwenye Shorts, tangazo linatokea katikati ya video za watu mbalimbali, kwa hiyo huwezi kusema ni la nani. Tangu Februari 1, 2023, mapato hayo hukusanywa kwenye chungu kimoja kwa mwezi. Sehemu inatengwa kwa ajili ya muziki: video isiyo na wimbo inaingiza fungu lake lote upande wa watengeneza maudhui, yenye wimbo mmoja inaingiza nusu, yenye nyimbo mbili theluthi. Kinachobaki kinagawanywa kwa kuangalia mgao wako wa utazamaji katika kila nchi, kisha unapata asilimia 45 ya fungu lako. Waliotulia ndio wanaohesabiwa hapo pia. Jambo la nchi lina uzito kwa wanaotengeneza video za Kiswahili, kwa sababu mtazamaji wa Muscat au Toronto yuko kwenye chungu kingine na yule wa Dodoma, chenye watangazaji wengine na bei nyingine. Watu 1,000 waliotulia hawana bei moja mpaka ujue wametulia wapi.

Mitego miwili huwanasa hata watu makini. Wa kwanza ni grafu. Ukifungua utazamaji wa chaneli yako kuanzia mwanzo wa 2025 na chaneli ina video fupi nyingi, utaona ngazi karibu na Aprili. Watu wamewahi kuieleza ngazi hiyo kwa kila sababu: kamera mpya, mwezi wa Ramadhani kwisha, mtindo mpya wa kuhariri. Njia ya kujua ni rahisi. Weka Engaged views juu ya grafu hiyohiyo. Ikiwa mstari huo umepita Aprili bila ngazi, hakuna kilichotokea kwenye chaneli yako, kaunta ndiyo iliyobadilika. Mtego huu unagusa pia jumla ya chaneli nzima, ambayo inachanganya fupi na ndefu. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alipotangazwa kuwa msanii wa kwanza kusini mwa Sahara kufikisha jumla ya utazamaji bilioni moja YouTube, Shorts zilikuwa bado hazijafika kwetu. Bilioni ya leo ya chaneli yenye video fupi mia tano ni bilioni ya namna nyingine, na kuziweka kwenye jedwali moja la nani kamzidi nani ni kuwatafutia mashabiki ugomvi.

Mtego wa pili ni urefu. Kuanzia Oktoba 15, 2024, video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 ikipandishwa huhesabiwa kuwa Short. Kabla ya hapo mwisho ulikuwa sekunde 60. Mtu aliyezoea kupandisha dakika mbili na nusu za simu iliyosimama wima, akizihesabia saa zake, alianza kuona saa zinazokubalika zinasimama huku utazamaji ukipanda. Hakubadilisha kitu. Video zake mpya ndizo zilizohamia kutoka kaunta moja hadi nyingine. Anayetaka kubaki upande wa saa na arekodi simu ikiwa imelazwa, au avuke dakika tatu, mradi ana la kusema kwa muda huo.

Isije ikaonekana nimeipigia kampeni video ndefu. Mfanyabiashara anayetangaza ana swali tofauti kabisa, na jibu lake linaweza kwenda upande wa pili. Tuseme muuza vyombo wa Kariakoo anataka sufuria zake zitajwe kwenye chaneli ya mama huyu. Yeye hana haja na saa 4,000. Anachotaka kujua ni masikio mangapi yatafikiwa na jina la duka lake. Hapo namba ya mbele haimsaidii, wala wastani haumsaidii sana. Aombe grafu ya Audience retention, inayoonyesha sekunde kwa sekunde ni wangapi bado wapo, kisha aangalie pale hasa ambapo duka lake linatajwa.

Kwenye video ndefu, duka linatajwa dakika ya pili, na asilimia 65 ya walioanza bado wapo. Hiyo ni mara 2,730. Kwenye video fupi, sufuria inatajwa sekunde ya 25, mkate ukishapinduliwa, na tuseme kati ya zile mara 96,000 za waliotulia, 38,400 zinafika hapo. Kwa bei ileile, video fupi inampa muuza vyombo mara 14 zaidi. Akiweza kumshawishi mama ataje duka sekunde ya 8 badala ya 25, atapata zaidi, ingawa mama naye ana haki ya kukataa kwa sababu kutaja mapema kutawafukuza watazamaji kabla ya mkate kupinduliwa, na wakikimbia, mama na muuza vyombo wote wawili wamepoteza. Akumbuke pia kwamba hizo ni mara, si watu. Video ya sekunde 35 inayojirudia inaweza kuwa imemhesabu mtu mmoja mara mbili au tatu, na kipimo cha watazamaji mmoja mmoja kipo palepale Studio, aombe na hicho. Skrinishoti iwe ya ukurasa wenye tarehe, maana video inayotazamwa sana wiki ya kwanza na kufa wiki ya pili ina thamani tofauti kwa anayeuza bidhaa ya msimu.

Jambo la mwisho la kujiuliza ni mteja atafikaje dukani. Tangu Agosti 31, 2023, linki zilizowekwa kwenye maelezo au maoni ya Shorts hazibonyezeki, YouTube ikisema inapambana na matapeli. Kwenye video ndefu linki ya WhatsApp ya duka iliyo kwenye maelezo inafanya kazi, na muuza vyombo anaweza kujua ni wangapi wamekuja kupitia hapo. Kwenye video fupi, watazamaji wakiguswa na sufuria hawana linki ya duka ya kubonyeza. Namba ya simu na mtaa viandikwe kwa herufi kubwa ndani ya picha yenyewe, juu ya sinia, visikae chini kabisa ambako jina la chaneli na maandishi ya YouTube vitavifunika.